Upepo, Kuvu au Mdudu? Namna ya Kusoma Majani ya Mgomba na ya Monstera

Kila mwaka pepo za Kusi zinapoanza kuvuma kisiwani Pemba, migomba iliyo wazi kuelekea baharini hupoteza sura yake kwa siku chache tu. Majani yaliyokuwa mapana na mazima huwa matambara yanayopeperuka. Mwenye shamba akiyatazama kwa mbali huona jambo moja, nalo ni kwamba majani yameharibika. Na aghalabu huchukua panga akayapunguza ili mgomba, kwa kauli yake, upate kupumua. Pengine hapo ameondoa majani ambayo yangali yakilisha mkungu wake. Jirani yake naye, aliyezoea kuona migomba imechanika kila Kusi, huenda akayapita majani yenye ugonjwa akidhani ni kazi ile ile ya upepo ya kila mwaka. Kosa hili la pili limekuwa ghali zaidi tangu mwaka 1987, ugonjwa wa Sigatoka nyeusi ulipogunduliwa katika kisiwa hicho hicho cha Pemba, kabla ya kuonekana sehemu nyingine za pwani ya Afrika Mashariki.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kutenganisha mambo matatu yanayolitoboa au kulichana jani: upepo, ugonjwa na mdudu. Hakuna chombo kinachohitajika ila macho, na ikiwezekana kioo cha kukuzia. Linalohitajika zaidi ni kujua jani limejengwaje.

Jani lililoshonwa ili lichanike

Jani la mgomba lina uti mnene wa kati, na kutoka katika uti huo mishipa midogo mingi hutoka upande wa kulia na wa kushoto, ikienda sambamba hadi ukingoni. Majani ya miti mingi, kama vile mwembe, yana mishipa iliyofumwa kama wavu, nayo huuzuia ufa usiendelee. Katika mgomba nyuzi zenye nguvu zimelala karibu zote upande mmoja, na pindo la ukingoni ni dhaifu. Kwa hiyo upepo ukishalikata pindo hilo mahali pamoja, ufa hauna kizuizi kikubwa mbele yake. Hukimbia katikati ya mishipa miwili mpaka kwenye uti, na huko husimama. Ndiyo sababu mgomba uliopandwa mahali palipozibwa upepo huwa na majani mazima yenye urefu wa zaidi ya meta mbili, na ndugu yake aliye ukingoni mwa shamba, wa mbegu ile ile, ana majani kama mapazia yaliyokatwakatwa.

Kuchanika huku si hasara tupu. Vipande vyembamba huugeukia upepo na kuuacha upite, hivyo shina halisukumwi kwa nguvu ambayo jani zima lingeipokea. Zaidi ya hayo, mwaka 1972 wataalamu Taylor na Sexton walieleza kwamba jani lililochanika hupoa upesi zaidi kwenye jua kali kuliko jani zima, kwa kuwa hewa hupita kwa urahisi kando ya vipande vidogo. Jani lililochanwa vipande vya upana wa kiganja huendelea na usanisinuru karibu kama kawaida. Likichanwa nyuzi nyembamba kabisa, kama inavyotokea katika mashamba yanayopigwa na upepo siku zote, hapo mavuno hupungua, na dawa yake ni kupanda miti ya kukinga upepo, wala si panga.

Sasa tuutazame ufa wenyewe kwa karibu. Ufa wa upepo huanzia ukingoni na kuelekea kwenye uti, ukifuata mishipa. Kingo zake mbili ni za kijani mpaka karibu kabisa na mwisho, ambapo kuna mstari mwembamba wa kahawia, yaani mahali seli zilizopasuka zilipokauka. Hakuna rangi ya njano inayouzunguka mstari huo. Na jambo lililo muhimu kupita yote ni hili: ukizishika kingo hizo mbili na kuzikutanisha kwa vidole, zinalingana. Jani linakuwa zima tena mbele ya macho yako, kwa sababu hakuna hata kipande kimoja kilichopotea.

Kuvu nayo hufuata mishipa

Kama ugonjwa ungefanya madoa ya mviringo yaliyotawanyika ovyo, kusingekuwa na mashaka. Lakini kuvu inayoleta Sigatoka nyeusi hukua ndani ya jani kwa kufuata mishipa ile ile ambayo ufa huifuata, na kwa hiyo michirizi yake na mipasuko ya upepo huelekea upande mmoja. Mtu akiwa hatua tano mbali hawezi kuvitofautisha.

Mbegu za kuvu hii huota juu ya jani lenye unyevu na kuingia kupitia stomata, vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa ambavyo katika mgomba ni vingi zaidi upande wa chini wa jani. Kwa sababu hiyo dalili ya kwanza haionekani juu. Mtu akitaka kuiwahi ni lazima aligeuze jani. Hapo ataona nukta ndogo sana zenye rangi ya kutu, ambazo kisha hurefuka na kuwa michirizi ya kahawia yenye wekundu, yenye urefu wa sentimeta moja au mbili na upana wa milimeta mbili hivi. Michirizi hiyo huwa myeusi, hupanuka ikawa madoa yenye umbo la yai, na kuzungukwa na utando wa njano. Mwishowe katikati ya doa hukauka na kuwa kijivu, ila ukingo wake hubaki mweusi kama pete. Pete hizi zina faida kubwa kwa mchunguzi, kwa kuwa huonekana hata baada ya jani zima kufa na kuwa kahawia, wakati ambapo dalili nyingine zimekwisha kupotea.

Basi tofauti ya kwanza ni kwamba katika ugonjwa jani halijachanika; nyama yake ipo, ila imekufa mahali pake. Mchirizi unaweza kuanza katikati ya jani bila kugusa ukingo wala uti, jambo ambalo ufa wa upepo haufanyi. Tofauti ya pili ni ile rangi ya njano, ambayo ni dalili ya seli zilizo hai zikipambana na sumu za kuvu jirani nazo. Upepo hauna sumu.

Ugumu hutokea pale mambo mawili yanapokutana. Nyama iliyokufa hukauka na kuwa kama karatasi, na upepo ukija huipasua kwanza kabla ya kugusa sehemu za kijani. Utaona ufa, na kingo zake zina mkanda mpana wa kahawia, pengine sentimeta nzima, wenye njano nje yake. Hapo usiulize ni nani kati ya hao wawili, maana wote wamepita, na kuvu ndiyo iliyotangulia. Ukitaka kuthibitisha, acha ufa, tafuta sehemu ya jani hilo hilo ambayo haijachanika. Ikiwa ina michirizi au pete, umepata jibu.

Lazima tuseme pia mpaka wa kipimo hiki. Macho hutenganisha ugonjwa na upepo, lakini hayatoshi kutenganisha kila ugonjwa na mwenziwe. Mgomba una magonjwa mengine ya madoa, tena kuna virusi viletavyo michirizi ya njano inayokatikakatika. Mwenye michirizi asiyoifahamu ampelekee bwana shamba kipande cha jani lenye dalili changa, si lile lililokwisha kukauka.

Safu ya matundu

Mdudu hutambulikana kwa jambo moja kuu: amechukua kitu. Kingo za tundu lake hazikutanishiki, kwani kilichokuwa katikati kimekwisha kuliwa. Panzi na viwavi hula wakianzia ukingoni au katikati, na mdomo wao hauheshimu mishipa kama ufa unavyoiheshimu. Huikata kwa mapindo ya nusu duara. Mara nyingi kinyesi chao, vipunje vyeusi, hupatikana juu ya jani au katika makwapa ya majani. Konokono huacha utelezi unaong'aa ukikauka.

Lakini kuna alama moja ya wadudu ambayo huwashangaza wengi, nayo ni safu ya matundu yaliyojipanga kwa mstari, kutoka karibu na uti kuelekea ukingoni, kana kwamba mtu amepima kwa rula. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa ajabu. Maelezo yake ni mepesi mtu akikumbuka jinsi jani jipya linavyozaliwa. Jani la mgomba hutoka juu ya shina likiwa limejikunja kama msokoto wa tumbaku, nusu moja ikiwa imeizunguka nyingine mara kadhaa. Kiwavi akiutoboa msokoto huo mara moja tu, tundu hilo moja hupita katika matabaka yote. Jani linapokunjuka, kila tabaka hutoa tundu lake, na yote huwa katika kimo kimoja.

Hata nafasi kati ya tundu na tundu ina hesabu yake, kwa kuwa ni sawa na mzingo wa msokoto mahali hapo. Tuseme tabaka la ndani lilikuwa na kipenyo cha sentimeta moja. Matundu yake yatakuwa umbali wa sentimeta tatu hivi. La nje likiwa na kipenyo cha sentimeta tatu, umbali utakuwa zaidi kidogo ya sentimeta tisa. Kwa hiyo nafasi hukua kwa utaratibu kutoka upande mmoja wa safu hadi wa pili. Wala upepo wala kuvu haviwezi kuandika safu ya namna hiyo.

Safu hiyo hukaribiana na mwelekeo wa mishipa, na hapa pana mtego. Jani lililotobolewa kwa mstari ni kama karatasi ya stempu: upepo ukivuta, hupasuka palipotobolewa. Unapoona ufa ulionyooka, pitisha kidole kwenye kingo zake. Zikiwa nyofu, ni upepo mtupu. Zikiwa na mapengo madogo ya nusu duara yanayokabiliana kila baada ya sentimeta kadhaa, mdudu alipita kwanza, wakati jani lingali limekunjwa.

Kusoma mgomba kutoka juu hadi chini

Jani moja peke yake linaweza kudanganya. Mgomba mzima ni shida kuudanganya mtu, kwani majani yake yamepangwa kwa umri. Katika majira ya joto mgomba hutoa jani jipya kila baada ya siku saba hadi kumi hivi; katika miezi ya baridi huchelewa. Ukilihesabu jani la juu lililokunjuka kabisa kuwa la kwanza na kushuka chini, umepata kalenda.

Na tuchukue mfano. Tumesimama mwezi wa Julai mbele ya mgomba wa mkono wa tembo, aina ambayo Sigatoka nyeusi huishambulia sana, katika shamba lililo wazi upande wa kusini. Haujatoa mkungu. Una msokoto mmoja juu na majani tisa, na tunakadiria kwamba jani jipya hutoka kila siku kumi. Jani la kwanza ni zima na safi. La pili lina mipasuko miwili, yote upande unaokabili upepo. La tatu lina mipasuko zaidi, na tena lina safu ya matundu matano ambayo nafasi zake huongezeka kutoka sentimeta tatu hadi nane. La nne limechanika kama la tatu, lakini tukiligeuza tunaona nukta za kutu. La tano lina michirizi iliyo wazi. La sita lina madoa meusi yenye njano. La saba lina pete za kijivu na theluthi yake ya mwisho imekufa. La nane na la tisa yamekauka zaidi ya nusu na kuning'inia.

Tusome sasa. Mipasuko huanza mara jani linapokunjuka na kuongezeka kidogo kidogo, tena zaidi upande wa upepo: huo ndio mwendo wa upepo, na ukiingia ndani ya shamba, penye kivuli cha migomba mingine, utaikuta michache. Matundu yapo katika jani moja tu. Jani hilo lilikunjuka siku ishirini zilizopita, kwa hiyo lilitobolewa likiwa katika msokoto yapata wiki tatu hadi nne nyuma. Na kwa kuwa majani mawili yaliyofuata ni safi na msokoto wa sasa hauna tundu, mdudu amekwisha kuondoka. Kunyunyiza dawa leo ni kumwinda mgeni aliyekwisha safiri. Ama ugonjwa, dalili zake hupanda ngazi kwa utaratibu, kutoka nukta hadi mchirizi, hadi doa, hadi pete, kadiri majani yanavyozidi umri. Upepo haupandi ngazi hiyo. Nasi tukikumbuka kwamba kuvu huingia jani likiwa changa na kujificha kwa wiki kadhaa, tutaelewa kwamba jani la nne liliambukizwa karibu na siku lilipokunjuka, na kwamba hata la pili na la tatu yaweza kuwa yamekwisha ambukizwa ingawa hayaonyeshi lolote.

Kinachokatwa hapa ni jani la nane na la tisa, pamoja na ile theluthi iliyokufa ya la saba. Yakatwe yalundikwe pamoja chini, kwani yakiachwa yakining'inia huendelea kurusha mbegu za kuvu hewani kila yanapolowa. Majani sita ya juu yabaki yote, yaliyochanika na yenye michirizi pia. Mgomba ukisha kutoa mkungu hautoi jani lingine hata moja, na mkungu hulishwa kwa yale yaliyopo; wataalamu hupendelea yawe manane hivi wakati wa kuchanua. Mgomba wetu tayari una upungufu. Mtu aliyekata kwa kufuata matambara angeondoa la pili, la tatu na la nne, yaani majani yake bora, na pengine angeliacha la nane kwa kuwa halikuchanika sana.

Kalenda hii ina mwisho wake. Mkungu ukishatoka, jani la juu halina mdogo wake tena. Linazeeka pale pale lilipo, na dalili zitapanda mpaka kileleni. Kwa hiyo uchunguzi ufanywe kabla ya mgomba kuchanua, na katika mimea kadhaa, si mmoja.

Matundu yasiyo na mlaji

Monstera, ule mmea wa mapambo unaopanda juu ya miti na kuta katika bustani zetu, wenye asili ya misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, huleta mashaka ya namna nyingine. Majani yake yana matundu na mikato mirefu, na watu husema ni upepo, au kwamba mdudu fulani huupenda. Ukweli ni kwamba jani la monstera hujitoboa lenyewe. Uchunguzi wa Arunika Gunawardena na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa juu ya aina moja ya mmea huu, ulionyesha kwamba jani likiwa dogo sana, bado limefichwa, vikundi vidogo vya seli hufa kwa mpango uliowekwa na mmea wenyewe. Jani linapokua, kila kitundu hukua pamoja nalo. Kuhusu faida yake wataalamu wangali wakijadiliana. Mwaka 2013 Christopher Muir alipendekeza kwamba jani lenye matundu husambaa eneo kubwa zaidi kwa nyama ile ile, na hivyo hunasa vipande vya mwanga vinavyopenya msituni kwa uhakika zaidi.

Kwa kuwa tundu hilo hutengenezwa jani lingali likikua, ukingo wake hupata muda wa kuvikwa ngozi kama ukingo wa nje wa jani. Ndiyo maana ni laini, ni kijani hadi mwisho, na hauna mstari wa kahawia. Tundu huwako tangu siku jani linapokunjuka, nalo hukaa katikati ya mishipa mikubwa ya pembeni bila kuikata. Mmea mchanga hutoa majani yasiyo na tundu lolote, na hilo si ugonjwa wala njaa. Ama tundu la mdudu katika monstera huikata mishipa na ukingo wake ni wa kuparuzwa, uliokauka. Doa la ugonjwa lina nyama iliyokufa, na aghalabu njano kandokando.

Upepo nao huichana monstera, hasa ile iliyopandwa barazani penye upepo mkali, na mahali unapopenda ni ule ukanda mwembamba uliobaki kati ya tundu na ukingo wa jani. Ukanda ukikatika, tundu hugeuka kuwa mkato unaofanana sana na mikato ya asili ya jirani zake. Tazama ncha mbili za nje za mkato huo. Katika mkato wa asili huwa za mviringo na kijani. Katika uliokatwa na upepo zina makovu mawili ya kahawia yanayokabiliana, kila moja likiwa na upana sawa na wa ule ukanda uliovunjika, na ndani yake ukingo unaendelea kuwa laini kama ulivyozaliwa.